Kutoka Miti, Maji Hutaja Kwao

Mei 2023, siku chache baada ya mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliyoua watu zaidi ya 400 kule Kalehe, picha moja ilinifikia mezani. Ilikuwa picha ya simu, imepitia makundi mengi ya WhatsApp kabla ya kufika kwangu. Ilionyesha maji ya kahawia, mazito kama uji wa ulezi, kipande cha nguzo ya zege, matete machache, bidoni ya njano ukingoni na mgongo wa mtu aliyeinama. Chini yake mtu aliandika: Ruzizi imefurika hapa Bukavu, mpakani. Mlima haukuonekana, wala kibao, wala gari. Kazi yangu ilikuwa kuamua kama picha hiyo ichapishwe na maelezo hayo.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Utotoni tuliujua mto Malagarasi kabla ya kuuona, kwa sababu msimu wa mvua ulichora utepe wa tope ndani ya maji safi ya Tanganyika, na wavuvi walikuambia walipo kwa kutazama ukingo wa utepe huo. Kwa hiyo nilipoitazama picha ile, kabla ya kuwaza lolote kuhusu daraja au mpaka, rangi ndiyo iliyonikera. Ruzizi inatoka ziwa Kivu. Mto unaotoka ziwani unapataje tope lote hilo mlangoni kwake?

Sikuichapisha. Lakini shaka isiyo na ushahidi ni uvivu tu, na Oktoba mwaka huo nilifunga safari kwenda kuyatazama maji yenyewe. Sikuanzia Bukavu. Rafiki anayeijua Kabare aliniambia: ukitaka kujifunza rangi za maji ya Kivu, kalale Miti.

Miti ni senta ya barabarani ya Kabare, kama kilomita 25 hivi kaskazini mwa Bukavu, ukishapita soko la Mudaka na kabla ya uwanja wa ndege wa Kavumu. Msafiri mwenye haraka ataona vibanda, magunia ya makaa, kina mama wenye vikapu vya maharage, na vijana wa pikipiki wakigombea abiria. Lakini hapa ndipo barabara inapogawanyika. Moja inaendelea kaskazini kuelekea Katana na Kalehe, nyingine inakunja kushoto, inapanda msitu wa Kahuzi-Biega na kwenda Bunyakiri hadi Walikale. Magharibi yako umeinuka mlima Kahuzi wenye mita 3,308. Mashariki ardhi inateremka kwa mashamba ya migomba na mihogo mpaka ziwani, kwenye mita 1,460. Miti yenyewe iko kama mita 1,700, katikati ya ngazi. Maji yote yanayoshuka upande huu huanza yakiwa ya msitu, yakawa ya shamba, yakaishia kuwa ya ziwa, na kila hatua huyavisha rangi yake. Mahali ambapo unaweza kuziona rangi hizo zote kati ya asubuhi na jioni si pengi.

Asubuhi ya kwanza nilimkodi motari mmoja tukapanda kuelekea Tshivanga, kwenye lango la hifadhi. Baridi ya pale, zaidi ya mita 2,000 juu, haikunifundisha chochote ila thamani ya koti. Kilichonifundisha ni kinamasi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ina vinamasi vya mafunjo na mboji nene, na maji yanayojichuja humo hutoka na rangi ya chai. Nilijaza chupa ya plastiki nikaiinua juani. Rangi ilikuwa ya kahawia iliyoelekea dhahabu, lakini vidole vyangu upande wa pili wa chupa vilionekana vizuri, hata mistari ya kucha.

Motari alicheka. "Mukubwa, hii iko chai mukavu. Inakosa sukari tu."

Alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Chai ya rangi ina kahawia, ila haina vumbi ndani yake. Majani yaliyooza yameacha kitu kilichoyeyuka kabisa, na kitu hicho hunyonya mwanga wa bluu kwa pupa, hunyonya kijani kidogo, na kuuacha wekundu na unjano upite. Hakuna chembe ya kurudisha mwanga kwenye jicho lako. Ndiyo maana maji ya mboji yakiwa chupani ni ya chai, na yakiwa na kina kirefu huonekana meusi, kwa kuwa mwanga huingia usitoke. Huko tambarare za Kongo, karibu na Mbandaka, mto Ruki ni mweusi kwa sababu hiyohiyo. Ukiona kwenye picha mto mweusi unaoakisi miti kama kioo, usifikirie uchafu, fikiria msitu wenye kinamasi na mteremko mdogo. Na uifute Kabare ya mashambani kwenye orodha yako.

Tuligeuza pikipiki tukashuka tukifuata kijito kimoja kilichotoka upande wa msitu. Sitasahau jinsi kilivyobadilika. Kwenye mpaka wa hifadhi kilikuwa chepesi, mawe ya chini yakionekana. Kikapita chini ya shamba la kwanza la mihogo lililolimwa mpaka kwenye kingo, kikapata utusitusi. Kikapita njia ya ng'ombe, kikapokea mfereji wa barabara, na tulipokifikia tena karibu na Miti kilikuwa chekundu. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Kati ya kijito cha chai na kijito cha damu ya mzee hapakuwa na saa moja ya mwendo.

Wekundu huo una asili yake. Sehemu kubwa ya milima ya Kabare ni mawe ya volkano ya zamani sana, yaliyooza mahali pake kwa muda mrefu mpaka yakawa udongo mfinyanzi wenye kutu ya chuma. Chembe za kutu hunyonya bluu na kijani, na udongo unaozibeba huutawanya mwanga uliobaki kila upande, ndipo maji yanakuwa mekundu na pia hayapenyeki. Nilijaza chupa ya pili. Safari hii vidole havikuonekana kabisa.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri maji yatulie kwenye bidoni yake alinitazama kwa huruma. "Papa, hiyo usikunywe. Iko kama kasiksi."

Kasiksi, pombe ya ndizi ya huku, ina ukungu wake mzito. Chai na kasiksi: tangu siku hiyo ndiyo mizani yangu ya kwanza. Maji yakiwa ya kahawia, swali la kwanza si ukahawia wake ni wa kiwango gani. Swali ni kama yanapenyeka. Kwenye picha jibu hulipata ukingoni, pale kina kinapokuwa kifupi. Kama unaona jiwe au mguu wa mtu chini ya maji ya kahawia, hiyo ni chai, yaani mboji. Kama mguu unakatika kwenye mstari wa maji kama umekatwa kwa kisu, hiyo ni kasiksi, yaani tope. Mtu wa kwenye picha yangu alikuwa amechovya mkono, na mkono ulikatika kifundoni.

Nilimuuliza mama yule atasubiri bidoni mpaka lini. Alisema mchanga unashuka hapohapo, lakini ile nyekundu italala usiku kucha na kesho bado ipo. Hesabu inampa haki. Chembe ya mchanga mwembamba, unene wa sehemu ya kumi ya milimita, hushuka mita moja ndani ya maji tulivu kwa dakika mbili hivi. Chembe ya ufinyanzi yenye mikromita mbili, ambayo wembamba wake ni mara hamsini ya ule wa mchanga, hushuka mara 2,500 polepole zaidi: karibu sentimita 30 kwa siku nzima. Zilizo ndogo kuliko hiyo huelea siku nyingi. Maana yake ni kwamba mto ukienda mbio hubeba kila kitu, ukipunguza mwendo huangusha mchanga kwanza, na wekundu ndio wa mwisho kuondoka. Wekundu unahitaji maji yaliyosimama, tena yasimame sana. Unahitaji ziwa.

Mchana tukateremka hadi Birava, ufukoni. Sifa za Kivu zimesemwa na wengi, na mimi sina ubishi: milima ya Idjwi ikielea ng'ambo, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu ikisubiri usiku iende na taa zake kutafuta sambaza. Ila nilikuwa nimekuja kutazama kitu kingine, na kilikuwa wazi kutoka juu ya kilima kabla hatujafika. Ziwa halikuwa na rangi moja. Pale kijito kilipoingilia palikuwa na kanga nyekundu iliyotandazwa juu ya maji, ikififia kuwa ya machungwa, kisha ya kijani cha udongo, halafu ghafla bluu iliyoelekea kijani. Utepe ule haukuwa na upana mkubwa. Mto uliotoka mlimani ukikimbia ulikutana na maji mengi yasiyo na haraka, ukaachia mzigo wake karibu na mlango. Maji ya Kivu pia yana chumvi kiasi, gramu moja na ushei kwa lita, na chumvi husaidia chembe za ufinyanzi kushikamana na kuzama pamoja.

Hapa kuna kidokezo kinachofaa kwa ziwa zima. Kanga nyekundu kama hizo ni za pwani ya magharibi, Kabare na Kalehe, na za upande wa Rwanda pia, ambako vijito vinashuka kwenye mashamba. Nenda kaskazini Goma, ambako lava ya Nyiragongo ni changa na ina matundu kama sifongo: mvua huzama ardhini badala ya kutiririka juu, vijito ni haba, na ufuko ni wa mawe meusi yenye maji meupe. Mtu akikuonyesha kijito chekundu kinachoingia Kivu na kusema ni Goma mjini, muulize mara mbili.

Lakini bluu-kijani ya katikati inatoka wapi? Maji matupu yenyewe hunyonya wekundu na kuutawanya ubluu, ndiyo maana ziwa lenye kina na maji safi huwa bluu hata anga likiwa na mawingu. Ukijani unaongezwa na mwani, mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ambayo hula mwanga wa bluu na mwekundu na kuuacha wa kijani urudi. Kivu ina mwani mchache. Watafiti waliopima kwa miaka wanataja wastani wa miligramu mbili hivi za klorofili kwa kila mita ya ujazo ya maji, kiasi kidogo kwa ziwa la tropiki. Linganisha na ziwa George la Uganda, ambalo huwa la kijani cha supu ya sombe mwaka mzima. Ukitaka kupima kwa mikono yako, fanya kama padri Angelo Secchi wa Italia alivyofanya baharini mwaka 1865: shusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka ipotee machoni, usome urefu wa kamba. Nilitumia sahani ya bati ya mama mwenye mgahawa, nikaitoboa matundu matatu kwa ruhusa yake na kwa fidia. Kwenye kanga nyekundu ilipotea kabla ya kiwiko changu kulowa. Mbali na ufuko, kutoka kwenye mtumbwi, kamba ilishuka karibu mita tano.

Mwenye mtumbwi alinisahihisha jambo moja ambalo ningelikosea maisha yote. Nilisema kwamba kiangazi lazima ziwa linakuwa safi zaidi, kwa kuwa vijito havina tope. Alitikisa kichwa. Ufukoni ndiyo, alisema, lakini kati ya ziwa ni kinyume: kiangazi kikiisha ndipo maji yanakuwa mazito. Na sayansi iko upande wake. Kivu halichanganyiki mpaka chini kamwe, kwa sababu maji ya chini, yenye chumvi na gesi, ni mazito mno kupanda. Ila kati ya Juni na Agosti upepo mkavu wa kusini-mashariki hupoza uso wa ziwa, na tabaka la juu, kama mita 60, hukorogeka. Mbolea iliyokuwa imelala hupanda juani, na mwani wa jamii ya diatomu huchanua kuelekea Agosti na Septemba. Kwa hiyo kwenye Kivu rangi mbili huendeshwa na saa mbili tofauti. Tope hufuata mvua, ukijani wa katikati hufuata upepo wa kiangazi. Picha yenye kijito safi na ziwa lililopauka kijani inaelekea kuwa ya Agosti kuliko ya Aprili, na kujua mwezi ni nusu ya kujua mahali.

Kuna weupe pia, na wenyewe una historia. Mwani unapokula, huondoa kaboni dioksaidi majini, na maji ya Kivu hudondosha chokaa laini mno. Chembe za chokaa hazichagui rangi, hutawanya zote, na zikichanganyika na bluu ya maji hutoa ile firuzi yenye maziwa. Sakafu ya ziwa ilipotobolewa na kuchunguzwa, matabaka ya chokaa yalionekana kuanza ghafla katika miaka ya 1960. Watafiti waliochapisha matokeo hayo mwaka 2010 walipima sababu tatu: sambaza walioletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959 na kula wanyama wadogo waliokuwa wakila mwani, ongezeko la watu na mbolea ya mashamba, na mvua kubwa za wakati ule zilizozidisha chemchemi za chini ya ziwa. Samaki mdogo anayekaangwa Bukavu kila jioni huenda ana mkono wake katika rangi ya maji anayovuliwa.

Siku ya tatu nilishuka Bukavu na picha yangu mfukoni. Pale ziwa linapobana na kuwa mto, Kongo upande mmoja na Rwanda upande mwingine, nilisimama muda mrefu. Mto huu ni mchanga kwa umri. Zamani maji ya Kivu yalikwenda kaskazini upande wa ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia, na ziwa likapanda hadi kufurika kusini. Kinachotoka Bukavu ni maji ya juu ya ziwa, kama mita 100 za ujazo kila sekunde, ambayo yamekwisha kuangusha mzigo wake kwenye ghuba zote za nyuma. Yalikuwa ya kijani kama chupa ya bia, na niliona mwani wa nyuzi ukicheza kwenye mawe. Usiku huo ilinyesha sana. Asubuhi nilirudi mbio, nikitaraji kujisuta.

Nilichokiona kilikuwa bora kuliko nilichotaraji. Mifereji ya mji na vijito vya Bukavu vilikuwa vimemwaga tope kweli, lakini lilikuwa utepe uliong'ang'ania ukingo wa mjini, na katikati mto ulikuwa wa kijani vilevile. Mto wa rangi mbili. Hapo ndipo nilipopata jibu langu na mpaka wake. Ruzizi hapo mlangoni inaweza kuwa na tope, lakini ni tope la pembeni lenye mshono, na huondoka mvua ikikata. Picha yangu haikuwa na mshono. Ilikuwa kahawia moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mawimbi yake mapana yalionyesha mto uliochanganyika muda mrefu.

Rangi hiyo Ruzizi huipata, ila mbele. Kutoka Bukavu inaporomoka karibu mita 700 kwenye korongo na mabwawa ya umeme mpaka tambarare, na huko inapokea Ruhwa, kisha Kaburantwa na Kagunuzi za Burundi, na vijito vya upande wa Kongo. Inapofika Tanganyika, karibu na Gatumba, ni mto wa tope unaochora ziwani utepe uleule niliouona utotoni kwa Malagarasi. Jina moja la mto, rangi mbili. Kwa hiyo anayesema "Ruzizi" bado hajasema mahali, na maji ndiyo yanayomalizia sentensi.

Je, nilithibitisha kwamba picha ni ya tambarare ya Ruzizi? Hapana, na hapa wengi huteleza. Rangi hukanusha vizuri kuliko inavyothibitisha. Maji ya kahawia yasiyopenyeka yanaweza kuwa Ruzizi ya chini, Malagarasi, Tana au mfereji wowote wa Afrika Mashariki baada ya mvua. Yalitosha kusema "si mlangoni Bukavu". Hayakutosha kusema "ni pale". Kwa hilo inahitajika nguzo ile ya zege ilinganishwe na madaraja, moja moja.

Pia ilinibidi nihakikishe kwamba rangi yenyewe si uongo wa simu. Njia ni mbili na ni rahisi. Kwanza, tafuta kitu ambacho rangi yake unaijua. Bidoni ya njano ilikuwa ukingoni, na njano yake ilikuwa ile ya kila siku, haikuelekea machungwa. Kama simu ingekuwa imepasha picha nzima joto, bidoni ingeonyesha. Pili, angalia mpiga picha alisimama wapi. Ukitazama maji kutoka juu, uso wake hurudisha asilimia mbili tu hivi ya mwanga wa anga, na unachokiona ni tumbo la maji. Ukitazama kwa mlalo kutoka ufukoni, unaona anga, si maji: mto wa tope chini ya anga safi utaonekana bluu, na Kivu chini ya wingu itaonekana risasi. Ndiyo maana katika picha yoyote ninaanza na sehemu ya chini kabisa, karibu na miguu ya mpiga picha.

Wako wanaouliza kwa nini sikukaa ofisini nikatazama setilaiti. Nilitazama. Sentinel-2 hupita kila siku tano na kutoa picha za bure ambazo kila nukta yake ni mita 10, na utepe wa Ruzizi ndani ya Tanganyika huonekana humo bila shida. Lakini siku za mafuriko ndizo siku za mawingu, na picha za wiki ile ya Mei zilikuwa pamba tupu. Tena mlango wa Ruzizi ni mwembamba, nukta chache tu kutoka ukingo hadi ukingo, na kila nukta ya pembeni imechanganya maji, majani na mabati. Wapo pia wanaotumia kipimo cha mwani, `(B05 - B04) / (B05 + B04)`. Kinasema kweli kwenye maji mazito ya kijani kama ya ziwa George. Kwa Kivu, yenye mwani haba, kinababaika, na tope likizidi humdanganya asiyejua akadhani ameona mwani. Setilaiti ilinisaidia kuona wapi utepe huwa. Haikunisaidia kujua mkono unakatika wapi majini.

Nilirudi Miti usiku wa mwisho kuchukua mzigo. Kwenye dirisha la chumba nilikuwa nimeziacha chupa zangu mbili. Ile ya kinamasi ilikuwa vilevile, chai ileile, kwa kuwa kilichoyeyuka hakina mahali pa kuzama. Ile ya kijito, baada ya siku tatu, ilikuwa na kitako cha mchanga, juu yake tabaka jekundu laini kama hina, na juu kabisa maji ambayo bado yalikuwa na haya usoni, wekundu mwepesi usiotaka kushuka. Yule mama wa bidoni alikuwa ameniambia.

Tangu Februari 2025 vita imeipita barabara ile, uwanja wa Kavumu na Bukavu yenyewe vikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na picha za maji ya Kivu zinazofika mezani kwangu zimekuwa nyingi na nzito kuliko za mafuriko. Bado naanza pale nilipofundishwa: chai au kasiksi, mshono uko wapi, bidoni ina rangi gani. Picha ile ya kwanza ipo kwenye jalada langu, na maelezo yake mapya yana mistari miwili tu. Si Ruzizi ya Bukavu. Mahali hapajathibitishwa.